Chemba, mhuri na nchi ya asili visipopatana kwenye cheti cha uasili

Cheti cha uasili wa bidhaa, karatasi inayothibitisha bidhaa zilitengenezwa nchi gani, kisome kuanzia chini kwenda juu. Sehemu ya juu hujazwa na muuzaji au wakala wake: jina lake, jina la mpokeaji, nchi, katoni, uzito. Chini ndiko anakoonekana mtu asiye na maslahi na mzigo, yaani ofisa wa chemba ya biashara aliyegonga mhuri na kutia saini. Ukianzia juu, macho yanazoea maneno ya muuzaji, na ukifika kwenye mhuri unautazama kama pambo tu.

Fomu hutofautiana, lakini nyingi zinafanana na ile inayotumika katika nchi za Umoja wa Ulaya: kisanduku cha 1 ni mtuma mzigo, cha 2 mpokeaji, cha 3 nchi ya asili, cha 6 alama na maelezo ya bidhaa, cha 7 kiasi, na cha 8 kauli ya chemba pamoja na mahali, tarehe, saini na mhuri. Kando ya cheti weka ankara, orodha ya vifungashio na hati ya shehena. Kama malipo yanapitia benki, weka pia barua ya dhamana ya malipo, ile ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji akileta karatasi zinazotimiza masharti.

Chemba inakuambia nani amethibitisha. Mhuri unakuambia kama amethibitisha karatasi hii na si nyingine. Nchi inakuambia bidhaa zilitengenezwa wapi. Makosa mengi huanza pale mtu anapochukua jibu la swali moja na kulijibia jingine.

Dalili: chemba ni ya nchi moja, nchi ya asili ni nyingine

Hili huwashtua wageni wa kazi, na mara nyingi si kosa. Chemba inaweza kuthibitisha kwamba bidhaa zilizopo kwenye eneo lake zilitengenezwa kwingine, mradi muuzaji ameionyesha ushahidi. Ushahidi huo kwa kawaida ni cheti cha uasili kilichotolewa kule bidhaa zilikotoka, au nyaraka za forodha za siku mzigo ulipoingia pamoja na ankara ya kiwanda. Mzigo wa kuuzwa tena nje huandaliwa hivyo kila siku. Kwa hiyo chemba ya nchi ya kwanza na jina la nchi ya pili kwenye kisanduku cha 3 ni hali inayowezekana kabisa.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni pale tofauti hiyo haina maelezo popote. Tazama kisanduku cha 1. Mtuma mzigo akiwa na anwani ya nchi ya chemba, mambo yanaeleweka: ni mfanyabiashara wa pale anayeuza tena bidhaa za kigeni. Mtuma mzigo akiwa na anwani ya nchi ya tatu, na mzigo haukupita kwenye eneo la chemba hiyo, uliza chemba ilipata wapi ushahidi. Kwa kawaida chemba huhudumia wafanyabiashara wa eneo lake, na mtu aliyevuka mpaka kwenda kutafuta mhuri huenda alinyimwa kwao.

Dalili: nchi ya asili ni ileile ya bandari ya kupakia, lakini katoni zinasema vingine

Hapa ndipo penye kosa lenyewe mara nyingi, na ni kosa linalopita kwa urahisi kwa sababu karatasi zote zinaonekana kukubaliana. Chukua mfano. Mfanyabiashara wa Falme za Kiarabu anapakia kontena moja Jebel Ali kwenda Durban. Ndani yake kuna katoni 200 za pampu ndogo za maji, kila katoni kilo 14, na katoni 50 za viungio vya mabomba, kila katoni kilo 22. Uzito wa pampu ni kilo 2,800, wa viungio kilo 1,100, jumla kilo 3,900. Ankara inasema 3,900, hati ya shehena inasema 3,900, cheti kinasema katoni 250 na kilo 3,900. Mhuri wa chemba ni safi. Kisanduku cha nchi ya asili kimeandikwa Falme za Kiarabu.

Hesabu imekubali, na karani aliyechoka angepitisha. Lakini orodha ya vifungashio ina safu ya mtengenezaji, na kwenye pampu kuna jina la kiwanda cha India, kwenye viungio kiwanda cha China. Picha za upakiaji zinaonyesha kibandiko kwenye ubavu wa katoni ya pampu, na kibandiko kinataja India. Aliyejaza cheti ameandika nchi mzigo ulikopakiwa, si nchi ulikotengenezwa.

Ukimpigia simu muuzaji, jibu la kwanza huwa hili: pampu zilifanyiwa kazi hapa. Muulize kazi gani hasa. Katika mfano wetu alibadilisha plagi za umeme zifae soko la mnunuzi, akazijaribu, akazitia kwenye katoni mpya zenye nembo yake. Kazi hiyo haibadilishi asili. Mkataba wa Kyoto wa taratibu za forodha, kwenye kiambatisho chake kinachohusu uasili, unaziweka kando shughuli ndogo za namna hii: kufungasha, kupanga, kuhifadhi bidhaa zisiharibike, kuunganisha vipande kwa njia rahisi. Bidhaa iliyopita nchi zaidi ya moja hupata asili ya nchi ile ambako ilifanyiwa mageuzi makubwa ya mwisho, yaani kazi iliyoipa sura na tabia yake.

Tuseme sasa muuzaji alisogea hatua moja zaidi: aliingiza vipande vya pampu na kuviunganisha mwenyewe. Swali linakuwa gumu, na hapa inafaa kujua kipimo kinachotumika sana, kile cha kuangalia kama bidhaa imehama kutoka kichwa kimoja cha ushuru kwenda kingine, yaani kama tarakimu 4 za mwanzo za namba ya HS, ule mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, zimebadilika. Pampu za vimiminika ziko kwenye 8413. Vipande vya pampu navyo viko kwenye 8413.91. Tarakimu 4 za mwanzo ni zilezile, hivyo kuunganisha vipande vya pampu hakutoshi kwa kipimo hicho, hata kama kazi ilichukua mafundi wiki nzima. Mota ya umeme iko kwenye 8501, na mtu anaweza kuishika hiyo kama hoja, lakini maganda na mapanga ya pampu bado yatamvuta nyuma. Nchi nyingine huongeza kipimo cha asilimia ya thamani iliyoongezwa, au hutaja hatua fulani ya utengenezaji. Kipimo cha kufuata ni kile ambacho sheria za nchi inayopokea mzigo zinakitaka, kwa kuwa forodha ya kule ndiyo itakayoamua ushuru.

Mzigo wetu haukufika huko. Dawa yake ni cheti kipya chenye nchi mbili, kila mstari wa bidhaa na nchi yake: mstari wa kwanza pampu katoni 200, India, mstari wa pili viungio katoni 50, China. Muuzaji apeleke chemba ushahidi wa pande zote mbili na arudishe cheti cha kwanza kifutwe. Usikubali cheti cha pili kitoke huku cha kwanza kikiwa mkononi mwa mtu, kwa sababu vyeti viwili vya mzigo mmoja vyenye nchi tofauti ndivyo vinavyomfanya ofisa wa forodha afungue kontena.

Usikubali pia njia ya mkato ya kuandika nchi zote mbili kwenye kisanduku cha 3 bila kusema ipi ni ya nini. Forodha inahitaji kujua pampu ni za wapi, maana huenda bidhaa moja ina ushuru wa ziada ikitoka nchi fulani na nyingine haina.

Dalili: mhuri upo, lakini hauthibitishi asili

Chemba za biashara hugonga mihuri kwenye karatasi za kila aina. Wanaweza kugonga kwenye ankara kuthibitisha kwamba saini ni ya mwanachama wao, kwenye nakala kuthibitisha kwamba inafanana na karatasi halisi, au kwenye barua ya kampuni. Mihuri hiyo yote inaweza kubeba jina lilelile la chemba. Kwa hiyo usiishie kwenye jina lililo kwenye duara. Soma sentensi iliyo karibu na mhuri. Kwenye cheti cha uasili panatakiwa kauli ya mamlaka inayotia saini kwamba bidhaa zilizotajwa zimetoka katika nchi iliyotajwa. Ukikuta kauli inayosema tu kwamba saini ya muuzaji imeshuhudiwa, unacho tamko la muuzaji lenye shahidi, hata kama juu ya karatasi pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni cheti cha uasili.

Ubalozi nao huongeza ukungu. Baadhi ya nchi hutaka cheti kipitishwe kwenye ubalozi wao baada ya chemba, na karatasi hurudi na mihuri mitatu au minne, stempu za ada na saini nyuma na mbele. Mhuri wa ubalozi kwa kawaida unasema kwamba saini ya ofisa wa chemba inatambulika. Haujazi pengo la mhuri wa chemba uliokosekana, na wala haujapima pampu zilitoka wapi.

Ukishaupata mhuri wenyewe, utazame kwa karibu. Jina kwenye duara lifanane na jina la mtoaji lililochapwa kwenye kisanduku cha 8, mji ukiwemo, kwa sababu chemba ya taifa na tawi lake la mkoa vinaweza kuwa na mihuri tofauti. Saini iwepo, na kama jina la ofisa limechapwa, liwe la mtu na si la idara. Tarehe ya mhuri isipingane na tarehe iliyoandikwa kando yake. Cheti chenye kurasa za nyongeza kiwe na namba ileile kwenye kila ukurasa na mhuri kwenye kila ukurasa, la sivyo ukurasa wa pili unaweza kuwa umetoka kwenye cheti kingine kabisa. Chini ya mstari wa mwisho wa bidhaa angalia kama nafasi tupu imekatwa kwa mstari. Nafasi iliyoachwa wazi ni mwaliko wa kuongeza katoni baada ya mhuri.

Wino uliofifia peke yake si ushahidi wa kughushi. Vidau vya mihuri hukauka kila ofisi. Ishara mbaya zaidi ni mhuri ulio kamili mno, wenye ukingo mkali na rangi moja sawasawa, na maneno ya fomu yaliyo chini yake hayaonekani kabisa. Mhuri wa mpira huacha wino mwingi mahali na kidogo pengine, na huruhusu maandishi ya chini yaonekane. Mhuri uliobandikwa kwa kompyuta hufunika.

Ila siku hizi chemba nyingi hutoa vyeti vya kielektroniki, na mhuri uliochapwa kwa kompyuta ndio mhuri halali wao. Hapo kukagua wino hakuna maana, kagua namba. Cheti kama hicho huwa na namba ya uhakiki au alama ya QR. Usiiamini alama ya QR moja kwa moja, kwa kuwa mghushi anaweza kuchora yake inayokupeleka kwenye ukurasa aliouandaa yeye. Tafuta mwenyewe tovuti ya chemba hiyo, ingia kwenye ukurasa wa uhakiki, kisha andika namba kwa mkono. Kile kitakachofunguka kilinganishe na karatasi mstari kwa mstari: jina la mtuma mzigo, katoni, uzito, nchi. Kupata jibu kwamba namba ipo hakutoshi. Namba halali ya cheti cha mzigo mwingine ndiyo hila rahisi kuliko zote.

Dalili: aliyetoa cheti siye aliyetakiwa

Kwanza jiulize cheti kinatakiwa kwa kazi gani. Cheti cha kawaida cha chemba kinaeleza asili tu. Mnunuzi anayetaka kupunguziwa ushuru chini ya mkataba wa biashara anahitaji karatasi iliyotajwa na mkataba huo, inayotolewa na chombo kilichotajwa na mkataba huo. Cheti cha EUR.1 cha nafuu ya ushuru, kwa mfano, huidhinishwa na forodha au mamlaka ya serikali ya nchi inayouza. Mikataba mingine inatambua tamko la muuzaji mwenyewe kwenye ankara. Ukimpelekea mnunuzi wa namna hii cheti kizuri cha chemba, atalipa ushuru kamili na kukulaumu, na atakuwa na haki. Dawa ni kumwuliza mapema, kabla mzigo haujapakiwa, kama anahitaji nafuu ya ushuru na chini ya mkataba upi.

Pili, kama malipo yako kwenye barua ya dhamana, soma maneno ya barua hiyo na usiyakisie. Benki nyingi hufuata UCP 600, kanuni za kimataifa za barua hizo zinazotumika tangu Julai 2007, pamoja na mwongozo wa ISBP unaoeleza jinsi ya kuzisoma, ambao toleo lake la 745 la 2013 lilifuatwa na toleo la 821 la 2023. Kwa mujibu wa mwongozo huo, barua ikitaka cheti cha chemba ya biashara, cheti cha chemba ya viwanda, forodha, idara ya biashara na vyombo vya aina hiyo kinakubalika. Ikitaka cheti kilichotolewa na muuzaji au mtengenezaji, cheti cha chemba kinakubalika pia, mradi kimtaje muuzaji au mtengenezaji huyo. Isipomtaja mtoaji, yeyote anaweza kutoa. Lakini ikitaja fomu mahususi, ni fomu hiyo tu.

Ulegevu huo unawachanganya watu wa aina mbili. Karani mmoja anakataa cheti cha chemba ya viwanda kwa sababu barua imesema biashara, na anachelewesha mzigo bure. Mwingine anachukulia kwamba kilichokubaliwa na benki kitakubaliwa na forodha. Benki inaangalia karatasi kwa sura zake na inalipa. Haijali pampu zilitoka wapi. Forodha ya kule mzigo unakokwenda inajali.

Mwongozo huohuo unaruhusu cheti kimtaje mtuma mzigo mwingine asiye muuzaji aliyetajwa kwenye barua ya dhamana. Hii huwafaa madalali wasiotaka mnunuzi amjue mwenye kiwanda, au kinyume chake. Kwa hiyo jina tofauti kwenye kisanduku cha 1 si kasoro kwa benki. Mpokeaji ni jambo jingine: akitajwa, asipingane na yule aliye kwenye hati ya shehena. Hati ya shehena ikiwa imeandikwa kwa amri, yaani mzigo ukabidhiwe yule atakayeamriwa, cheti kinaweza kumtaja mhusika mwingine aliyetajwa kwenye barua, ila si muuzaji.

Dalili: nchi imeandikwa kwa namna ya kutatanisha

Chemba za Ulaya zinaweza kuandika Umoja wa Ulaya kwenye kisanduku cha nchi, na nchi yenyewe kufuata baada ya kistari, au isitajwe. Hiyo ni desturi yao halali. Kama mnunuzi au forodha yake inataka nchi, iombwe mapema iongezwe. Majina ya miji, ya maeneo huru ya biashara na ya bandari hayafai kwenye kisanduku hicho. Kifupisho cha herufi mbili kinafaa kwenye kompyuta, ila kwenye karatasi andika jina zima, maana herufi CH ni Uswisi wakati wapo wanaoidhania kuwa China.

Dalili: kuna mkato wa kalamu, au tarehe imechelewa

Tarehe ya cheti kuja baada ya tarehe ya kupakia si kosa kwenye cheti cha kawaida. Chini ya UCP 600 kinachokatazwa ni karatasi kuwa na tarehe iliyo baada ya siku ya kuwasilishwa benki. Vyeti vya nafuu ya ushuru ni vikali zaidi: kikitolewa baada ya mzigo kuondoka, kwa kawaida lazima kiandikwe kwamba kimetolewa baadaye, na kisipoandikwa hivyo kinakataliwa kwa sababu hiyo pekee.

Mkato wa kalamu bila mhuri mdogo wa chemba pembeni uchukulie kuwa haujafanywa na chemba. Hata muuzaji akiweka saini yake hapo, amesahihisha maneno ya mwenzake. Kosa dogo la tahajia kwenye anwani linaweza kusahihishwa na chemba papo hapo kwa mhuri na saini. Nchi ya asili, idadi ya katoni au uzito vikiguswa, omba cheti kipya, kwa sababu ofisa wa forodha akiona nchi imekatwa na nyingine kuandikwa juu yake, hata kwa mhuri halali, ataiandikia chemba barua ya kuuliza na mzigo utasubiri jibu bandarini. Cheti kipya kinapofika, rudia kukilinganisha chote na karatasi nyingine tangu kisanduku cha 8 hadi cha 1. Mara nyingi kosa la nchi huondoka na jipya la katoni likaingia, kwa kuwa aliyekichapa upya alikichapa chote.